Chingamu kwenye nywele na shati la mtoto: mafuta kwa nywele, barafu kwa nguo

Aliyezoea kupasua fenesi haanzi na kisu. Anaanza na mafuta. Anapaka viganja, anapaka na kisu chenyewe, ndipo anapasua. Asipofanya hivyo utomvu unamganda vidoleni, na hata akinawa kwa maji na sabuni mara tano bado vidole vinanatana. Mwishowe atarudi kwenye mafuta ya nazi, asugue viganja kidogo, na utomvu utateleza wenyewe.

Chingamu, ambayo wengine wetu tumekua tukiiita bigijii au bablishi, ni ndugu wa utomvu huo. Zamani ilitengenezwa kwa chikle, utomvu wa mti unaoota kwenye misitu ya Meksiko na Guatemala. Siku hizi kinachotumika zaidi ni mpira wa kiwandani uliochanganywa na nta, na mpira huo una undugu wa karibu na ule wa tyubu za baiskeli. Mtoto anapotafuna, sukari na ladha vinayeyuka kwenye mate, mpira unabaki. Mpira huo haukuyeyuka kwa mate ya saa nzima, basi hautayeyuka kwa maji ya bomba.

Mambo mawili salama ndiyo yanayoushinda nguvu mpira huu, na yote mawili yapo majumbani mwetu. Mafuta huuingia na kuulegeza, mpaka unaacha kunata. Baridi huukausha, mpaka unakuwa mgumu na kukatika kama jiwe la chokaa. Mimi ni msusi, na katika miaka yangu ya kusuka nimeletewa vichwa vingi vya watoto vyenye chingamu, vingine vikiwa vimeshaanza kukatwa na mkasi. Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni kwamba mafuta na barafu havibadilishani nafasi. Nywele zinataka mafuta. Nguo inataka baridi kwanza. Ukigeuza, utaitoa chingamu lakini utabaki na hasara nyingine.

Sababu yake ni hii. Nywele hazinywi mafuta kama kitambaa kinavyoyanywa. Ukimaliza kazi unaziosha, na mafuta kidogo yakibaki ni faida kwa nywele zetu. Shati la pamba likipata mafuta, limepata doa. Kwa upande wa baridi, chingamu iliyoganda inatoka kwa kuvunjwa, na nguo inavumilia kuvunjiwa kitu juu yake. Unywele mmoja mmoja uliofungwa ndani ya kipande kigumu hauvumilii: kipande kikivunjika na unywele unakatika, au unang'oka na mzizi. Tena kumwekea mtoto barafu kichwani kwa robo saa ni kumtesa, maana ngozi ya kichwa chake ni laini.

Kabla hujafanya lolote

Dakika za kwanza ndizo zinazoamua kama kazi itakuwa ya nusu saa au ya mchana mzima. Mzuie mtoto asishike. Mtoto akihisi kitu kichwani anakivuta, na chingamu yenye joto la mwili inavutika nyuzi ndefu zinazokwenda kunasa kwenye nywele safi za jirani. Mama naye akiona anafanya vilevile, anachukua kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kusugua. Joto linailainisha zaidi, kusugua kunaitandaza, na donge lililokuwa na ukubwa wa punje ya harage linakuwa utando wa ukubwa wa kiganja.

Kwa hiyo mkalishe mtoto, mwache na chingamu yake kichwani kama ilivyo, ukatafute vifaa. Kama ipo kwenye nguo pia, mvue kwa uangalifu. Shati la vifungo lifungue mpaka chini na ulishushe mabegani, usilipitishe kichwani. Kama ni fulana isiyo na budi kupita kichwani, bandika kipande cha karatasi ya nailoni juu ya chingamu kwanza ili isiguse nywele wala uso.

Nywele: kazi ya mafuta

Mafuta yoyote ya kula yanafaa: alizeti, nazi, zeituni, hata yale ya kawaida ya kukaangia, alimradi hayajawahi kutumika na hayana moto. Mimi napenda ya nazi kwa sababu hayana harufu ya jikoni, ila kumbuka kwamba huganda kukiwa na ubaridi wa chini ya nyuzi joto 24 hivi. Walio Lushoto, Mbeya au Nairobi wanalijua hilo. Yapashe kwa kuweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe majimaji. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanafanya kazi nzuri pia, hasa karibu na uso, kwa kuwa hayachuruziki, lakini kuyaosha baadaye ni kazi ya ziada. Siagi ya karanga ambayo watu wengi husifia inafanya kazi kwa ajili ya mafuta yaliyomo ndani yake tu. Sioni sababu ya kumpaka mtoto chakula kichwani wakati chupa ya alizeti ipo, na kama ana mzio wa karanga ni hatari. Mafuta ya mawese mekundu yaache jikoni, maana yatapaka rangi kila kitakachoguswa.

Mbali na mafuta utahitaji chanuo la meno mapana, vibanio vya nywele, karatasi laini za kutosha, na kanga kuukuu ya kumfunika mabegani. Nywele ziwe kavu. Hili watu hulipuuza: nywele zikiwa zimelowa, maji hukaa kati ya mafuta na chingamu, na mafuta yanateleza bila kuingia. Kama umeshamwaga maji, futa kwa taulo kwa kubonyeza bila kusugua, subiri zikauke.

Tenga nywele zenye chingamu na zile safi, uzibane safi mbali. Weka mafuta kiganjani, kama kijiko kimoja cha chakula kwa donge la ukubwa wa harage, na uyapake kuanzia pembezoni mwa donge ukielekea katikati. Paka pia nywele zilizolizunguka, upana wa vidole viwili hivi. Nywele hizo zikiwa na mafuta, chingamu itakapolegea na kuanza kutembea haitapata pa kushika. Usiwe mchoyo. Wengi wanaoshindwa na njia hii hupaka mafuta ya ncha ya kidole, wakaona hakuna kilichobadilika, wakasema mafuta ni uongo.

Kisha subiri dakika kumi. Kweli zisubiriwe; mpe mtoto kitabu au katuni. Mafuta hayaingii kwenye mpira kwa nguvu za vidole, yanaingia kwa muda. Baada ya hapo minya donge kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama unayepekecha unga uliobaki vidoleni. Utaisikia kwa vidole. Ikiwa bado inavutika nyuzi ukiachanisha vidole, haijawa tayari: ongeza mafuta, subiri dakika tano nyingine. Ikiwa tayari inakuwa kama ugali mbichi, inakatikakatika, na vidole vinaachana bila kunatana. Mara nyingi hubadilika na rangi, ikafifia na kuwa nyeupe yenye ukungu.

Hapo ndipo unapoanza kuitoa. Shika nywele kati ya chingamu na ngozi ya kichwa kwa mkono mmoja, uzikaze, ili ukivuta usivute ngozi. Mkono wa pili uisogeze chingamu kuelekea ncha ya nywele, kwa vidole vyenye mafuta. Kila kipande kinachotoka kifute kwenye karatasi mara moja, usikirudishe kichwani. Chanuo lije mwisho, kwa mabaki madogo, na lianzie karibu na ncha kisha lipande kidogo kidogo kuelekea shina. Anayeanzia shinani anasukuma mabaki yote yakusanyike nchani na kufunga fundo.

Likiisha donge, osha. Na hapa kuna siri ndogo ya kuosha mafuta mengi: shampuu ipakwe kwenye nywele kavu zenye mafuta, kabla ya maji. Isugue mpaka iwe kama uji, ndipo umwage maji kidogo, usugue tena, usuuze. Ukianza na maji, shampuu inaelea juu ya mafuta na utarudia mara tatu nne. Mara mbili zinatosha. Kama shampuu haipo, tone chache za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo zitasaidia, lakini funika macho ya mtoto kwa taulo na upake mafuta ya nywele baadaye, kwa sababu sabuni hiyo inakausha.

Nywele zilizosukwa

Hapa ndipo wengi wanakosea, na ndipo hapa nataka kueleza kwa mfano. Mpwa wangu wa miaka sita alisinzia kwenye basi la shule akiwa na chingamu mdomoni. Alisukwa twende kilioni, mistari minane, siku tatu tu zilizopita. Chingamu ilimwangukia shingoni, ikapanda juu ya sikio la kulia aliposogeza kichwa kitini, ikashika mistari miwili, na kipande kingine kikabaki kwenye kola ya shati jeupe. Mama yake alipomfikisha kwangu alikuwa ameshajaribu maji ya moto na sabuni, na tayari alikuwa amefumua nusu ya mstari mmoja.

"Mama mdogo, watanikata nywele?" Ndilo swali la kwanza aliloniuliza, na macho yameshajaa machozi. Nikamwambia hapana, nikamkalisha kwenye mkeka.

Kosa lilikuwa kule kufumua. Mstari uliosukwa ni kama kamba: chingamu inashika nje tu, nywele za ndani ni salama. Ukifumua kabla ya kuilegeza, unaichukua ile iliyokuwa nje na kuizungusha ndani ya kila uzi. Kwa hiyo kanuni ya nywele zilizosukwa ni mafuta kwanza, kufumua baadaye, na mara nyingine kufumua hakuhitajiki kabisa.

Mstari wa pili, ambao haukuguswa, nilipaka mafuta ya nazi kijiko kimoja, nikasubiri dakika kumi, nikaikwangua chingamu kwa ukucha nikifuata msuko kutoka shina hadi ncha. Ilitoka yote, msuko ukabaki. Nilipitisha karatasi kavu, kisha pamba yenye shampuu, kisha pamba ya maji. Mstari uliofumuliwa ndio uliotula muda. Hizo nywele zilikuwa zimelowa, kwa hiyo nilizikausha kwanza. Nikaweka vijiko viwili, nikasubiri dakika kumi, nikaminya, bado nyuzi. Nikaongeza kijiko kimoja, dakika tano tena. Mara hii ikakatika. Nikaigawa sehemu ile mafungu manne membamba na kulishughulikia kila fungu peke yake, kuanzia nchani. Kutoka mkekani hadi kuosha tulitumia kama dakika hamsini, na nywele zilizotoka na chanuo hazikuzidi zile zinazotoka siku yoyote ya kuchana. Mstari mmoja ulisukwa upya. Bila ule ufumuaji tungemaliza kwa nusu saa.

Kama mtoto amesukwa kwa rasta, fikiria tofauti. Rasta ni nyuzi za plastiki, na ukiona chingamu imeshika sehemu ya chini ambako hakuna nywele zake halisi, ikate sehemu hiyo tu na ufunge ncha upya. Hakuna haja ya kuhangaika na mafuta kuokoa kitu kitakachotupwa wiki mbili baadaye. Lakini pima kwa vidole kwanza nywele zake zinaishia wapi. Nywele za dawa ni dhaifu zaidi zikinyooshwa kwa nguvu, hivyo mpe muda mrefu wa mafuta na umsamehe chanuo. Tumia vidole tu. Na mvulana mwenye nywele fupi asipelekwe moja kwa moja kwenye mashine ya kunyolea. Chingamu inaziba meno ya mashine, mashine inavuta, mtoto analia. Mafuta kwanza hata kama utamnyoa baada ya hapo.

Ikinasa kwenye nyusi au kope, usitumie mafuta majimaji. Mtoto afumbe jicho, upake mafuta ya mgando kwa ncha ya pamba, usubiri, ufute kuelekea nje ya jicho. Kama imeingia ndani ya jicho lenyewe, au mtoto hawezi kufumbua, mpeleke hospitali.

Nguo: kazi ya baridi

Turudi kwenye lile shati. Nguo yenye chingamu haifuliwi kabla chingamu haijatoka. Maji ya moto yanaisukuma ndani ya nyuzi, na ikiwa unafua kwa mashine inaweza kuhamia kwenye nguo nyingine. Jua kali nalo linafanya hivyohivyo, kwa hiyo usiianike nje kusubiri muda wa kuishughulikia. Iweke mahali penye kivuli.

Mwenye friza ana kazi rahisi. Ikunje nguo ili chingamu ibaki juu, ikitazama nje, isiguse sehemu nyingine ya nguo. Iweke ndani ya chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula bila kukandamiza. Shati jepesi acha saa moja. Suruali ya jinsi, sweta au koti saa mbili. Kama unakimbizana na muda na donge ni dogo, nusu saa inaweza kutosha, lakini jaribu kwanza kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, bado. Ukigonga ukasikia kama unagonga kokoto, tayari.

Asiye na friza anunue barafu. Zile barafu za mtaani za kwenye nailoni zinafaa kabisa, na hata vipande kutoka kwa wauza samaki vitafaa ukiviweka ndani ya kitu kisichovuja. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 2019, mimi hutumia pakiti ya maziwa iliyooshwa vizuri. Naijaza vipande vya barafu, nakunja mdomo, nabana kwa kibanio cha nguo. Ibandike juu ya chingamu, na pakiti nyingine ndogo chini ya kitambaa kama unayo, ili baridi iingie pande zote mbili. Dakika kumi na tano hadi ishirini. Barafu isiguse nguo moja kwa moja, maana itayeyuka na kulowesha, na kitambaa kilicholowa hujikunja unapokwangua.

Ukishaitoa kwenye baridi, una dakika moja au mbili kabla haijaanza kulegea, hasa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili. Andaa kila kitu kabla. Ninachotumia ni kadi ya plastiki iliyokwisha muda, au upande wa nyuma wa kisu cha mezani. Kisu chenye makali kitakata nyuzi. Tandaza kitambaa kwenye meza ngumu, ukivute kikaze, kisha kikunje kidogo chini ya donge ili lipasuke lenyewe, utasikia likikatika. Ingiza kadi chini ya ukingo ulioinuka na usukume kwa mkato mmoja, sambamba na kitambaa. Vipande viruke, uviokote. Ukihisi imeanza kuvutika, acha hapohapo, rudisha kwenye baridi kwa dakika kumi na tano. Kazi ya kurudisha mara tatu ni bora kuliko kung'ang'ania mara moja, kwa sababu chingamu iliyolegea inayokwanguliwa ni sawa na kuipaka kitambaa rangi.

Kwa vitambaa vilivyofumwa kwa kubana, kama shati la shule, sketi, kanga au kanzu, baridi peke yake inatoa karibu yote. Kinachobaki ni utando mwembamba, kijivu kidogo, unaonata ukipitisha kidole. Ni hapa tu ndipo mafuta yanapoingia kwenye nguo, na kwa kipimo cha tone.

Jaribu kwanza tone moja kwenye upindo wa ndani kuona kama rangi inahama, hasa kwa vitenge vipya. Kisha geuza nguo, weka karatasi laini chini ya doa, na uweke matone mawili matatu ya alizeti juu ya utando. Subiri dakika tano, sugua kwa mswaki wa zamani kuelekea katikati, ufute kwa karatasi. Sasa una doa la mafuta, na lina dawa yake: sabuni ya maji ya vyombo, bila maji, moja kwa moja juu ya doa. Ipekeche kwa vidole na uiache dakika kumi na tano. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, ambayo sasa hayana madhara kwa kuwa mpira umeshatoka, kisha fua kama kawaida.

Sweta la sufu au la uzi ni kesi nyingine. Nyuzi zake zimelegea na chingamu huingia kati yake, hivyo hata ikiganda inabaki imeshikiliwa ndani kama punje kwenye gunzi. Ukikwangua kwa nguvu unavuta nyuzi na kutoboa tundu. Igandishe kwa saa mbili, toa kile tu kinachotoka kwa kukunja na kuvunja kwa vidole, kisha kilichobaki kilegeze kwa mafuta kidogo na kukitoa kwa kukibonyeza kwa karatasi. Kubali kwamba utalifua mara mbili.

Vitu ambavyo havipaswi kumkaribia mtoto

Mafuta ya taa yanatoa chingamu. Petroli inatoa, tina inatoa. Ndiyo maana bado kuna wanaovitumia, na ndiyo maana nalisema hili kwa ukali. Vyote vinashika moto, na nywele zilizolowa mafuta ya taa karibu na jiko la mkaa ni msiba unaosubiri. Mbali na moto, vinaunguza ngozi ya kichwa, na mvuke wake unaingia kifuani mwa mtoto. Kiondoa rangi ya kucha nacho hakifai kwa kichwa, na kinaweza kuharibu baadhi ya vitambaa vya kiwandani kabisa. Hata ukitumia mafuta ya kula, mtoto asikae jikoni wala karibu na moto mpaka aoshwe.

Pasi ni mtego mwingine. Wapo wanaoweka karatasi juu ya chingamu na kupiga pasi ili ihamie kwenye karatasi. Sehemu inahama kweli, lakini sehemu nyingine inayeyukia ndani ya kitambaa, na ile iliyozama kwa joto ndiyo ngumu kuliko zote kuitoa. Kama tayari umepiga pasi, usikate tamaa, ila ruka hatua ya baridi. Hakuna tena donge la kuvunja. Nenda moja kwa moja kwenye matone ya mafuta na sabuni ya vyombo, na urudie mara mbili au tatu.

Shati la mpwa wangu lilikaa kwenye friza la jirani wakati tunashughulika na nywele. Tulipomaliza kuosha kichwa lilikuwa limetimiza saa nzima. Donge la kola lilitoka vipande vinne kwa kadi ya zamani, na ukabaki utando wa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Matone matatu ya alizeti, mswaki, sabuni ya vyombo, robo saa, maji. Tulilianika kivulini. Lilipokauka nililipeleka dirishani na kulitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga, kwa sababu mafuta yaliyobaki kwenye kitambaa cheupe hayaonekani kikiwa kimelowa; huonekana kikikauka, kama kivuli cha kijivu. Kivuli kilikuwepo, hafifu. Tungepiga pasi wakati huo kingeganda pale. Tulirudia sabuni mara moja, tukasuuza, tukaanika tena, na kivuli kilipotoweka ndipo mama yake alipoliwekea pasi kwa ajili ya asubuhi.